Maneno Yanayobaki Katika Jalada

Katika lugha yetu ya ofisini kuna neno moja ambalo kila mfanyakazi hulielewa kinyume cha linavyosema. Neno hilo ni "anajitahidi". Mkuu wa kazi akiandika kwamba fulani anajitahidi, msomaji wa fomu huelewa kwamba fulani kazi imemshinda, ila mkuu wake ameona haya kusema. Aliyeandikiwa naye hufurahi, akaenda nyumbani akiwa amesifiwa. Hivyo watu wawili husoma neno moja na kila mmoja akabaki na maana yake.

Nimekuwa ofisa utumishi kwa miaka mingi, na sehemu ya kazi yangu imekuwa kusoma maoni ya wakuu wa kazi kabla hayajatiwa saini. Zamani, katika utumishi wa umma Tanzania, maoni hayo yalikuwa siri. Mkuu aliandika, akafunga bahasha, na mtumishi hakujua kilichosemwa juu yake. Mwaka 2004 ulianza mfumo wa wazi uliojulikana kwa kifupi kama OPRAS. Mtumishi alijipa alama, mkuu wake akampa za kwake, kisha wakakaa pamoja kuafikiana. Alama 1 ndiyo ilikuwa ya juu kabisa, na 5 ya chini kabisa. Miaka ya karibuni karatasi zimeipisha kompyuta, lakini bado panahitajika mtu wa kuandika sentensi, na sentensi ndiyo yenye matata.

Nilivyoona mimi, kukaa ana kwa ana kuliondoa siri, lakini hakukuondoa maneno mabaya. Wakuu waliozoea kutukana ndani ya bahasha walijigawa makundi mawili. Wengine waliendelea na ukali ule ule. Wengine waliogopa kutazamana na mtu baada ya kumwandikia ukweli, wakakimbilia sifa.

Nichukue mfano wa karani mmoja wa masijala. Mkuu wake alimwandikia hivi: "Ni mvivu na hajali kazi." Akampa alama 5. Karani mwenyewe alikuwa amejipa 2. Nilimwita yule mkuu, mtu mzima aliyenizidi umri.

"Mzee wangu," nikamwambia, "uvivu huu ameuonyesha katika jambo gani?"

"Dada, huyu binti ukimwomba jalada leo, unalipata wiki ijayo. Hata wewe unajua."

Hapo nilikuwa nimekwisha pata kitu cha kushika. "Mvivu" ni sifa ya mtu, wala hakuna anayeweza kuipima. Kuchelewa kwa jalada ni tendo, na tendo huacha alama. Masijala ina daftari linaloonyesha jalada limeombwa lini, limetoka lini na limekwenda kwa nani. Tulilifungua daftari hilo pamoja, tukahesabu miezi mitatu, Aprili hadi Juni.

Majalada yaliyoombwa yalikuwa 46. Yaliyotolewa siku ile ile yalikuwa 34. Yaliyochelewa yalikuwa 12. Tukauliza kila moja kati ya hayo 12 lilikuwa wapi. Manane yalikuwa juu ya meza za maofisa, ambao walipeana wao kwa wao bila kuijulisha masijala, hata karani akawa analitafuta rafuni jalada ambalo halikurudi. Manne yalikuwa mle mle masijala, yamerundikwa sakafuni yakisubiri kurudishwa mahali pake.

Maoni tuliyoyaandika upya yalisomeka hivi: "Kati ya majalada 46 yaliyoombwa kuanzia Aprili hadi Juni, 34 aliyatoa siku ile ile. Majalada 4 yalichelewa siku 2 hadi 5 kwa sababu hayakuwa yamerudishwa kwenye rafu. Anatakiwa kurudisha rafuni majalada yote ya siku kabla ya kufunga ofisi." Yale manane hatukuyatia katika fomu yake, kwani halikuwa kosa lake, tuliwaandikia maofisa barua ya ndani.

Karani alipoyasoma maneno hayo hakulia wala hakununa. Aliweka kidole kwenye ile namba 4, akasema, "Mama, jalada moja kati ya haya lilirudi nikiwa likizo ya msiba." Tukatazama tarehe, ikawa kweli. Tukaandika 3. Alama waliyoafikiana mwishoni ilikuwa 3 pia.

Kisa hiki nimekisimulia wakuu wengi wa kazi kwa sababu ya kile kidole. Sentensi ya haki ni ile ambayo mwenye kuandikiwa anaweza kuibishia. Ukimwambia mtu ni mvivu, atabisha kwa kusema "mimi si mvivu", nanyi mtabaki mnavutana mpaka jioni. Ukimwambia majalada 4, atakwenda kuyatafuta. Akiwa na hoja, utarekebisha. Akiwa hana, atajua la kufanya kesho.

Sifa nazo zahitaji mkono ule ule. Nimewahi kusoma fomu ya mhasibu msaidizi iliyosema: "Mchapakazi hodari, anafaa kwa kazi yoyote." Maneno matamu, lakini hayamsaidii hata mwenyewe. Likitokea jopo la kupandisha vyeo, watu wasiomjua watakuta sifa hizo hizo katika fomu za wenzake kumi, nao hawatakuwa na sababu ya kumchagua yeye. Tena akipelekwa kuandaa bajeti asiyoijua, maneno "kazi yoyote" ndiyo yatakayomponza. Nilipomwuliza mkuu wake amesifu nini hasa, akasema kwamba kijana huyo alilinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwezi kwa miezi 12, na mara zote alimaliza kabla ya tarehe 10 ya mwezi uliofuata. Tukaandika hivyo, na chini yake tukaongeza: "Bado hajashiriki kuandaa bajeti, apewe nafasi hiyo mwaka ujao." Sifa yake ilipungua maneno ikaongezeka uzito.

Nikiletewa maoni, hutazama kwanza maneno "daima", "kila mara" na "kamwe", kwani mara nyingi humaanisha mara mbili zilizomkera mwandishi. Kisha hutazama tarehe. Mkuu asiyeweka kumbukumbu huandika mwaka mzima kwa mambo ya Mei na Juni, kwa kuwa ndiyo anayoyakumbuka. Dawa yake ni daftari dogo, mistari miwili kila mwezi kwa kila mtu, zuri na baya. Bila daftari hilo hata mimi siwezi kuisaidia sentensi yake.

Lakini si kila kazi huhesabika. Mpokea wageni aliyeandikwa kwamba "ana kiburi" hana rejista ya kiburi. Huyo humwandikia tukio: siku gani, mgeni aliuliza nini, yeye alijibu nini, na mgeni akafanya nini. Na kama mkuu hakuwapo bali amesimuliwa, basi aandike kwamba amesimuliwa, au aache. Nimekwisha zuia maoni kadhaa kwa sababu hiyo moja, na wakuu wengine walinikasirikia. Fomu ile itasomwa na mtu mwingine miaka mitano baadaye, wakati sisi sote tumehamishwa, wala hatakuwapo wa kumweleza kwamba lile neno "kiburi" lilitoka kwa jirani.