SEHEMU YA 6: Karatasi uliyosaini kituoni

Leo tuongee kuhusu zile karatasi tunazosaini bila kusoma.

Nilipompeleka mwanangu kituo cha kulea watoto mchana, nilipewa mwongozo wa mtoto anapougua, kurasa nne, umechapwa vizuri. Usiku nikausoma. Ukurasa wa pili: "Mtoto akizidiwa, piga 999." Jamani, hiyo ni namba ya dharura ya Uingereza!

Kesho yake nikamuuliza dada mwenye kituo. Akacheka kwa aibu. "Sista, nilipata sampuli ya kituo cha huko. Nikaiambia kompyuta itoe jina lao iweke letu. Nikajua imeisha."

Jina refu lilibadilika kweli. Kifupi chake kilibaki, na jina lenyewe lilibaki kwenye maandishi madogo chini ya fomu ya ridhaa. Yaani wazazi tulikuwa tumewaruhusu watu wa Uingereza wawapeleke watoto wetu hospitali!

Tukakaa na kalamu nyekundu, tukazungushia kila jina, namba, ofisi na sheria. Iliyotajwa ilikuwa sheria ya Uingereza ya kulinda taarifa ya 1998, ambayo hata kwao ilishafutwa na ya 2018. Yetu Tanzania ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Penye 999 tukaandika namba ya zahanati ya karibu na ya kijana wa bajaji. Tukazipiga palepale. Ya zahanati haikupatikana, ikabidi tuifuate mpya.

Si kila kitu kilitolewa. Kifungu kinachosema mtoto akae nyumbani hadi saa 48 zipite tangu aache kuharisha tulikiacha, maana kinafaa hata hapa.

Kilichonitisha zaidi hakikuwa neno baya, kilikuwa neno lisilokuwepo. Kifungu cha homa kilisema mtoto apewe parasetamo, apumzike, mzazi aitwe. Malaria haikutajwa popote, kwa sababu walioandika hawaishi nayo. Hilo kalamu nyekundu hailioni, kwa sababu hakuna cha kuzungushia. Inabidi ujiulize: watoto wa hapa wanaugua nini?

Tukaandika: mwenye homa apimwe malaria ndani ya saa 24. Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au kupoteza fahamu, apelekwe saa hiyo hiyo, mzazi apigiwe simu wakiwa njiani.

Mwisho tukampa dada mlezi asome kwa sauti. Akakwama kwenye "GP". Tukaandika "zahanati".

Kesho ukienda kumchukua mtoto, omba hiyo karatasi. Tafuta namba ya dharura, halafu ipige. Uone nani atapokea.