Uvimbe wa ubongo: Usiulize ukubwa, uliza umekaa wapi

Kama umewahi kupita Kibokoni asubuhi, saa za mahamri na mbaazi, basi unazijua chochoro zetu za Mji wa Kale. Mkokoteni mmoja ukikwama penye kona, hapiti mtu. Lori zima likiegeshwa pembeni mwa uwanja wa Makadara, watu hulizunguka wakaendelea na safari zao. Yashike mawili hayo, maana ndiyo yaliyonifumbua macho juu ya maradhi ambayo nilidhani nayaelewa.

Nilidhani nayaelewa kwa sababu mwaka 2019 shangazi yangu alipasuliwa kichwa. Alikuwa na umri wa miaka 58, mpishi wa biriani za harusi, mwepesi wa maneno na mwepesi wa kucheka. Kwa muda wa mwaka mzima alibadilika polepole. Alikuwa akiacha sufuria ikaungua huku ameketi papo hapo. Siku moja alitoka na kanga zisizokuwa doti moja, jambo ambalo mwanamke kama yeye halifanyi hata nyumba ikishika moto. Wengine walisema ni uzee, wengine wakasema ni jini. Kichwa chenyewe hakikumuuma sana. Kilichotupeleka hospitali ni mkono wake wa kushoto, ambao ulianza kutukutika wenyewe kwa dakika mbili hivi, hali yeye yu macho anautazama.

Picha ya skani ilionyesha uvimbe wa sentimita 6, kadiri ya chungwa, upande wa kulia mbele. Nyumbani kukawa kilio. Lakini daktari mpasuaji alipoiangalia picha ile alisema, "Mahali ulipo panafikika." Tulidhani anatutuliza tu. Akatueleza kwamba uvimbe ule haukuota ndani ya ubongo, bali kwenye utando unaoufunika, chini kidogo ya mfupa. Ulikua kwa miaka mingi, ukiusukuma ubongo pole pole, na ubongo ukawa unajisogeza kuupisha. Upasuaji ulichukua saa tano. Siku ya tisa shangazi alikuwa nyumbani, na kabla mwezi haujaisha alikuwa akimgombeza mtu kwa kuzidisha bizari.

Basi mwaka 2022, mtoto wa jirani yetu alipopigwa skani na uvimbe ukaonekana wa sentimita 2 tu, kama zabibu, ni mimi niliyemwambia baba yake, "Hicho ni kidogo, ndugu yangu, wala usiwe na wasiwasi." Maneno hayo bado yananisuta.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka minane. Miezi mitatu kabla ya hapo alianza kuamka na adhana ya alfajiri akilia kichwa. Hutapika ghafla, bila ya kichefuchefu, kisha ikifika saa tatu huwa mzima kabisa, anaomba chai. Baba yake, ambaye ni hamali wa mkokoteni pale Marikiti, alishikilia kuwa kijana anakwepa chuo. Alitibiwa malaria mara mbili na minyoo mara moja. Tumbo halikuwa na kosa lolote.

Hebu tutue hapa, msomaji, tuangalie kwa nini kichwa cha namna hii hupenda asubuhi. Fuvu la kichwa ni sanduku la mfupa lisilotanuka. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo, damu, na maji safi yanayouzunguka ubongo na kujaza vyumba vilivyomo ndani yake. Kwa mtu mzima maji hayo ni kama kikombe kimoja cha chai kwa wakati wowote, lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku na kuyanyonya mengine yarudi kwenye damu. Kitu cha nne kikiingia katika sanduku hilo, lazima kimojawapo cha vile vitatu kipungue. Maji na damu hupungua kwanza, na kwa muda mgonjwa hasikii kitu. Nafasi ya kupunguza ikiisha, shinikizo hupanda haraka.

Mtu akilala usiku kucha, damu haitelemki kutoka kichwani kama anaposimama. Tena usingizini pumzi hupungua, hewa chafu huongezeka kidogo katika damu, na mishipa ya ubongo hutanuka. Kwa mtu mzima si neno. Kwa mwenye sanduku lililokwisha kujaa, nyongeza ile ndogo inatosha kuvuta tando na mishipa, na hizo ndizo zinazouma, kwa maana ubongo wenyewe hauna maumivu. Akisimama na kutembea, hupata nafuu. Akikohoa, akijikamua chooni au akisujudu, maumivu hurudi. Mtoto yule aliwahi kumwambia mwalimu wake wa chuoni kwamba akisujudu macho yanaingia giza. Mwalimu alidhani ni njaa.

Nisikutie hofu bure. Vichwa vingi vya asubuhi ni vya usingizi mbaya, kipandauso, au shinikizo la maisha ya mjini. Wala si kila mwenye uvimbe huumwa asubuhi. Shangazi hakuumwa hivyo. Kinachostahili kukuondoa kitini ni kichwa kipya ambacho hukukizoea na kinachozidi wiki baada ya wiki, hasa kikifuatana na kutapika asubuhi, kuona giza au vitu viwiliviwili, kupepesuka, tabia kubadilika, au kifafa kinachomwanza mtu mzima ambaye hakuwa nacho.

Mtoto aliokolewa na miwani. Shuleni walisema haoni ubao, akapelekwa kwa daktari wa macho. Huyo alimulika ndani ya jicho akaona mahali mshipa wa kuonea unapoingilia pamevimba, kingo zake zimefifia. Mshipa ule umevishwa tando zile zile za ubongo, hivyo shinikizo la ndani ya fuvu huonekana pale. Hakumpa miwani, aliandika barua akaagiza skani siku hiyo hiyo. Na ilikuwa bahati, kwani juma hilo hilo zahanati moja ilishapanga kumchoma sindano ya mgongo kumtoa maji, ikishuku homa ya uti wa mgongo. Kwa mtu ambaye njia ya maji imezibwa kichwani, kutoa maji chini kunaweza kuuvuta ubongo ushuke kwenye tundu la chini ya fuvu na kukata pumzi. Ndiyo sababu dalili kama hizi zikiwapo, picha hutangulia sindano.

Sasa ile zabibu ilikuwa wapi? Nyuma, karibu na shingo, ndani ya chumba cha nne cha maji, mahali ambapo maji yote yatokayo vyumba vya juu hupita ili yatoke nje ya ubongo. Sentimita 2 zilitosha kufunga njia. Vyumba vya juu vilikuwa vimejaa kama matangi. Laiti uvimbe ule ule ungekaa pale alipokuwa nao shangazi, huenda mtoto angecheza mpira miaka kadhaa bila ya mtu kujua.

Baba yake aliposikia haya alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe ni mkokoteni kwenye uchochoro." Sijapata kusikia maelezo bora kuliko hayo, na nimezungumza na madaktari kadhaa.

Walimpeleka Nairobi. Kwanza walishughulikia maji: walipitisha kamera nyembamba wakatoboa kijitundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu, ili maji yapate njia ya kando. Njia hii ina sifa katika eneo letu. Daktari Benjamin Warf, Mmarekani, aliiendeleza katika hospitali ya watoto ya CURE huko Mbale, Uganda, miaka ya 2000, akiwatibu watoto wenye vichwa vya maji. Kesho yake kichwa kiliacha kuuma. Jamaa wengi walidhani amepona, wakauliza upasuaji wa pili wa nini.

Upasuaji wa pili ulikuwa wa uvimbe wenyewe, na hapo ndipo ukubwa ulipopoteza maana kabisa. Sakafu ya chumba cha nne ni shina la ubongo. Katika eneo dogo kuliko kidole gumba mna vituo vya kugeuza macho, kukunja uso, kumeza na kupumua. Uvimbe wa shangazi ulibanduka kwa sababu ulikuwa nje ya ubongo. Huu wa mtoto uliota ukashikana na sakafu ile. Mpasuaji alitoa sehemu kubwa, na kila alipokaribia chini, chombo kilichounganishwa na misuli ya uso kilimwonya. Akaacha utepe mwembamba. Baba alimuuliza kwa nini hakumalizia, kwani palibaki padogo tu. Alijibiwa kwamba padogo pale ndipo mtoto anapomezea chakula.

Siku kumi baadaye ilikuja ripoti ya maabara, na ndiyo iliyonishangaza zaidi: daraja la 1. Daraja lile lile la shangazi!

Wengi wetu tunachanganya daraja na hatua. Mwenye saratani ya titi huambiwa hatua, yaani ugonjwa umekua na kusambaa kiasi gani. Daraja la uvimbe wa ubongo halipimi ukubwa wala kuenea. Mtaalamu huweka kipande chini ya darubini akaangalia tabia: chembechembe zinagawanyika kwa kasi gani, zinaota mishipa mipya ya damu, zinakufa katikati kwa kukosa chakula? Kuna madaraja manne. Tangu mwaka 2021, mwongozo wa Shirika la Afya Ulimwenguni huyaandika kwa tarakimu za kawaida badala ya zile za Kirumi, na kwa aina nyingi jeni za uvimbe hutazamwa pia. Kipande kikitolewa pembeni tu, daraja linaweza kusomwa chini ya lilivyo, kwa hiyo si kosa kuuliza kilitolewa wapi.

Daraja hukwambia uvimbe utafanya nini; mahali hukwambia mpasuaji ataweza nini. Elizabeth Taylor, mwigizaji wa sinema, alitolewa uvimbe wa utando kama wa shangazi mwaka 1997, akaishi hadi 2011. Seneta Edward Kennedy wa Marekani aligunduliwa uvimbe wa daraja la 4 mwezi Mei 2008, akapasuliwa na mabingwa, na Agosti 2009 alikuwa amefariki. Huo wa daraja la 4 hupeleka mizizi mbali kuliko picha inavyoonyesha, na hata ukitolewa wote unaoonekana, hurudi.

Mtoto wa jirani sasa yuko shuleni. Jicho lake moja huingia ndani kidogo na anatembea miguu imeachana kama baharia. Utepe ungali pale. Uvimbe wa daraja la 1 unaweza kukaa kimya miaka mingi, na unaweza kuanza kukua, basi mara mbili kwa mwaka anarudi kwenye skani ya sumaku. Mara ya mwisho niliandamana nao. Picha zilipotoka, jamaa mmoja aliuliza umefika sentimita ngapi. Baba yake alimnyamazisha kwa mkono, akamgeukia daktari: "Bwana daktari, pale chini kwenye sakafu, umegusa?"

Daktari alisema bado.