Shaba Inang'aa, Simu Inadanganywa

Mwenye kinu cha posho hapa Saboti alikuwa na haraka. Foleni ya mahindi ilifika barabarani. "Kijana, simu yako inasemaje?"

Kamera ya joto niliyochomeka kwenye simu ilisoma fesi tatu za swichi kubwa: nyuzi 28, 31, 28. Poa, ungesema. Lakini nilipohama upande, doa la vuguvugu kwenye shaba lilihama nami. Ilikuwa sura yangu.

Shaba inayong'aa hutoa miale kidogo sana ya joto lake yenyewe, kisha huakisi ya vitu vingine kama kioo. Uwezo huo wa kutoa miale ndio emisiviti. Kuchezea namba yake kwenye simu hakuondoi mwakisiko.

Tukakata stima kutoka mita, nikapima kuhakikisha imekatika kweli, nikabandika tepu nyeusi ya stima kwenye kila kiungo. Emisiviti nikaweka 0.95. Mota ikasaga dakika 20, mzigo kamili, mimi nikisoma kwa mbali: 42, 81, 43. Mota ya fesi tatu huvuta karibu sawasawa, kwa hivyo ile 81 ni kiungo tu.

"Zima, mzee."

Stima ilipokatwa, nati ya katikati ilizunguka kwa vidole.