Koki ya Uani na Kufuli la Mpangaji

Mama yangu ana vyumba sita vya kupangisha mtaani Kikoni, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere hapa Kampala. Vyumba vya namna hii wenyeji huviita mizigo, jina ambalo Mswahili akilisikia hufikiria magunia na mabegi. Wapangaji wetu wengi ni wanafunzi. Huyu anakaa muhula mmoja, yule miwili, kisha chumba kinapata mtu mwingine. Tangu niingie chuoni, kazi ya kukabidhi funguo na kukagua vyumba vinapoachwa ni yangu. Kazi hiyo imenifundisha kutazama vifaa vya nyumba kwa jicho tofauti na la mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe.

Wengi wetu tukienda dukani hujiuliza maswali mawili: kifaa hiki ni bei gani, na je, ni imara? Wazee wametuonya kwamba rahisi huvunja upishi, na ni kweli. Lakini katika nyumba ya kupangisha kuna swali la tatu lenye uzito zaidi: kikiharibika, kipuri chake kinapatikana duka la mtaani? Nitaeleza kwa mifano miwili, koki ya maji na mlango.

Uani kwetu kuna koki moja ambayo vyumba vyote sita huteka maji. Mita ni moja, na ankara hugawanywa sawa kwa sawa. Koki iliyokuwapo zamani ilikuwa ya kung'aa, ya aina inayofunguka kwa kuzungushwa robo tu. Ndani yake hakuna mpira, bali visahani viwili vya kauri vinavyosuguana. Ni kifaa kizuri, na hata mtu akikaza kwa nguvu hakiumii upesi. Adui yake ni mchanga. Maji yakikatika mtaani kisha yakarudi, huja na tope na chembe za mchanga, nazo hukwaruza visahani vile. Koki yetu ikaanza kuvuja. Nilizunguka maduka matatu nikiwa na kile kiini cha ndani mkononi, na kila nilichoonyeshwa kilikuwa kirefu mno au kifupi mno, au meno yake ya juu hayakulingana na mpini. Viini hivyo vina vipimo vingi, na kila kiwanda kina chake.

Wakati huo koki iliendelea kudondosha. Usiku mmoja niliweka dumu la lita 20 chini yake saa tatu, na saa kumi na mbili asubuhi lilikuwa limejaa. Kwa mwendo huo ni zaidi ya lita 50 kwa siku, yaani kama madumu 80 kwa mwezi ambayo hakuna aliyeyatumia. Ankara ilipokuja, mpangaji wa chumba cha nne alikataa kulipa sehemu yake. Alisema huenda wenzake wanafulia watu nguo kwa malipo, na wenzake nao wakamjibu. Uvujaji ule mdogo ulikuwa umegeuka ugomvi wa watu sita.

Fundi wetu aliing'oa akafunga koki ya kizamani ya shaba ya manjano, ya nusu inchi, ile ya kuzungusha mara kadhaa hadi ifunge. Aliniambia, "Mwanangu, hii nayo itavuja. Lakini siku ikivuja hutaniita." Alikuwa na maana kwamba kinachochakaa ndani yake ni kipande kimoja tu, mpira mdogo wa mviringo ambao mafundi huuita washa. Bei yake haifiki ya soda, na karibu kila duka la vifaa huuweka kwenye kopo juu ya meza.

Kuubadilisha ni kazi ya robo saa. Kwanza funga koki kuu iliyo kwenye mita, kisha fungua koki ya uani maji yaliyobaki yaishe. Shika mwili wa koki kwa spana moja usizunguke na bomba, na kwa spana ya pili fungua kichwa chake. Ukikitoa utaona mpira umeshikwa chini kwa nati ndogo. Toa wa zamani, weka mpya. Kabla ya kurudisha kichwa, zungusha mpini kana kwamba unafungulia maji, ili mpira uwe juu na usisagike unapokaza.

Koki hii pia huonyesha yenyewe inaumwa wapi. Ikidondosha mdomoni baada ya kufungwa, mpira umekwisha. Ikivuja shingoni wakati iko wazi, kaza nati ya shingo kidogo, na isipokoma zungushia uzi wa katani ndani yake. Mpira mpya ukivuja siku hiyohiyo, ingiza kidole uguse kitako ambacho mpira hukalia. Ukihisi mkwaruzo au pengo, mpira hautasaidia. Kitako kinahitaji kusagwa na fundi, au koki ibadilishwe. Kitako huliwa hasa pale watu wanapoendelea kukaza kwa nguvu koki ambayo mpira wake umekwisha, kwa hiyo kuchelewesha mpira wa bei ya pipi kunaweza kukugharimu koki nzima. Tahadhari moja dukani: zipo koki zinazofanana na hiyo lakini ni nyepesi, zimepakwa tu rangi ya shaba. Ipime mkononi. Ikiwa nyepesi sana, iache, maana nyuzi zake hufa ukifungua kichwa mara mbili tatu.

Mfano wa pili ni mlango. Milango yetu ilikuwa na vitasa vilivyozama ndani ya ubao. Mpangaji akihama hurudisha funguo mbili, lakini hakuna ajuaye amechongesha ngapi kwa fundi wa barabarani. Mpangaji mmoja mpya alirudi kutoka darasani akakuta kompyuta yake haipo, na kitasa kizima. Kubadilisha kitasa kila anapohama mtu ni gharama, na kila kipya hulazimisha kuchonga ubao upya, hadi mlango unabaki matundu.

Sasa milango ni ya chuma, na kila mmoja una komeo la nondo ya milimita 12 lililochomelewa, lenye tundu pana linalopokea kufuli lolote la kawaida. Kufuli analeta mpangaji mwenyewe, na akihama anaondoka nalo. Hivyo kile kinachopaswa kubadilika, yaani ufunguo, hubadilika bila mtu kugusa mlango. Ndani kuna makomeo mawili ya usiku yasiyo na kufuli, kwa sababu moto ukizuka mtu hapaswi kutafuta ufunguo gizani. Kwa sababu hiyohiyo, wanaoishi wawili tumewakataza kufungia mwenzao kwa nje. Na mpangaji akitoweka akiacha chumba kimefungwa, tunamwita mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, tunakata kufuli, na mlango unabaki salama.

Nyuma ya mlango wa Mama kuna mfuko unaoning'inia. Una washa sita za nusu inchi, uzi wa katani na spana mbili. Mpangaji anapohama, naifunga koki kwa vidole viwili tu. Ikikoma kudondosha, naiacha. Isipokoma, nauchukua mfuko kabla mgeni hajaingia na ankara haijaja.