Usisongeshe laini iguse bei

Wasee, pointi mbili si ushahidi. Laini yoyote lazima iguse pointi mbili. Ya tatu ndiyo mtihani.

Chukua chati ya Bitkoini ya siku. Novemba 2022 bei ilishuka hadi kama dola 15,500, na Machi 2023 ikagusa kama 19,600. Pitisha laini chini ya tambi hizo mbili, iendeleze hadi katikati ya Juni: inakuwa kwa 23,000 na kitu. Lakini bei iligeukia kama 24,800. Haikugusa.

Hapo ndipo mtu anatoka kwa tambi, anahamia miili ya mishumaa, anainua laini kidogo, ati "imegusa mara tatu." Hapa Yamumbi fundi wa fensi hasongeshi kamba ndio nguzo iliyopinda ionekane iko sawa.

Amua tambi au miili kabla ya kuchora, na usibadilishe. Chaneli pia: laini ya juu ni kopi ya ile ya chini, mwinamo uleule. Ukiiinamisha ifikie kilele fulani, hiyo si chaneli tena. Na ikikosa mguso wa tatu, andika tu: miwili.