Sikio la mtoto baisha mafua: amoksisilini ni ya nani, na ya lini?

MASAKO, Kisangani – Mafua yalianza Jumatano. Jumamosi usiku, mtoto wa miezi 18 aliamka akilia na akakataa kulazwa. Alitulia akibebwa wima, lakini kila mama yake alipomrudisha kwenye mkeka alilia tena na kushika sikio la kushoto. Mwili ulikuwa na joto. Familia hiyo ilitoka upande wa Lubunga wakati wa mapigano ya Mbole na Lengola, na sasa inaishi kwa ndugu hapa Masako, karibu kilomita 14 kutoka mjini kwa barabara ya zamani ya Buta. Nyumbani kulikuwa na nusu chupa ya siropu ya amoksisilini iliyobaki kwa mtoto mwingine. Koko wa mtoto alitaka kutia mafuta ya mawese ya vuguvugu ndani ya sikio. Jirani alishauri kidonge cha ampisilini kifunguliwe na unga wake umwagwe humo humo.

Mama hakufanya hata moja. Asubuhi alimfunga mtoto mgongoni akaenda kituo cha afya.

Maumivu ya sikio siku ya tatu au ya nne ya mafua ni jambo la kawaida kwa watoto wadogo, na sababu yake ni umbo lao. Nyuma ya pua kuna njia nyembamba inayopanda hadi nyuma ya ngozi ya sikio, ile ngozi inayotikisika kama ngoma tunaposikia sauti. Kazi yake ni kupitisha hewa na kutoa maji. Kwa mtu mzima njia hiyo ni ndefu na imeinama. Kwa mtoto wa mwaka mmoja ni fupi na karibu imelala, kwa hiyo mafua yakiivimbisha inaziba haraka. Maji yanabaki ndani, ngozi inasukumwa kutoka nyuma, mtoto anaumwa. Akilala, uvimbe unazidi, ndiyo maana usiku ni mbaya kuliko mchana. Mara nyingi ni virusi vile vile vya mafua peke yake vinavyofanya hayo. Mara nyingine bakteria waliokuwa wakikaa puani wanapanda na kuzaana katika maji yale. Antibiotiki inaua bakteria. Virusi haiviwezi.

Kituoni mganga alianza na swali ambalo kila mtu wa Tshopo anajiuliza mtoto akipata joto: je, ni malaria? Alichoma kidole akapima, na jibu lilikuwa hapana. Lakini hata lingekuwa ndiyo, kazi isingeishia hapo. Mtoto anaweza kuwa na malaria na sikio bovu kwa pamoja, na wengi wanarudishwa nyumbani na dawa ya malaria tu kwa kuwa hakuna aliyeangalia sikio.

Kisha alimwuliza mama: sikio linatoa maji au usaha? Tangu siku ngapi? Mtoto ananyonya? Anatapika kila kitu? Aliangalia masikio yote mawili kwenye mwanga wa mlango, na kwa vidole akabonyeza polepole mfupa ulio nyuma ya kila sikio. Kubonyeza huko hakuhitaji chombo chochote, na kila mama anaweza kujifunza. Kama nyuma ya sikio kumevimba, kuna joto na mtoto anaruka kwa uchungu akiguswa, au sikio limesukumwa mbele, ugonjwa umeingia mfupani. Hapo hakuna kungoja. Mtoto anapewa dozi ya kwanza ya antibiotiki na anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni lazima kukopa pesa ya pikipiki.

Mtoto huyu hakuwa na hayo. Joto lilikuwa 38,2. Sikio moja lilikuwa linauma, lilikuwa kavu, na alikuwa ananyonya. Mganga alimwambia mama:

“Leo, Mama, nampa dawa ya maumivu. Ya bakteria bado. Uje naye Jumanne asubuhi. Ukiona usaha, au joto limepanda, au amekataa kunyonya, usingoje Jumanne.”

Mama hakufurahi. Alikuwa ametembea na mtoto mwenye kulia, na alitegemea kurudi na vidonge vyenyewe. Mganga kutokutoa antibiotiki kunaonekana kama unyimi. Lakini kuna hesabu nyuma yake. Wataalamu waliokusanya majaribio mengi ya watoto wenye maumivu ya sikio waliona kwamba karibu watoto 6 kati ya 10 maumivu yao yanaisha ndani ya saa 24, wawe wamepewa antibiotiki au la. Ni lazima kutibu watoto kama 20 ili mmoja apone maumivu siku ya pili au ya tatu kwa sababu ya dawa hiyo. Na kati ya kila watoto 14 hivi wanaopewa, mmoja anapata kuhara, kutapika au vipele ambavyo asingevipata. Katika nyumba ambamo watu kumi wanatumia choo kimoja na maji yanachotwa mbali, mtoto kuhara si jambo dogo.

Hapa kuna kitu ambacho wazazi wanastahili kujua, kwa sababu kinaeleza kwa nini vituo viwili vinaweza kutoa majibu mawili. Mwongozo wa PCIME, ambao waganga wa vituo vyetu wamefundishwa, unasema mtoto mwenye maumivu ya sikio apewe antibiotiki siku 5. Uliandikwa kwa ajili ya mahali ambapo hakuna taa ya kuangalia ndani ya sikio na ambapo mama huenda asirudi tena. Kitabu cha OMS cha mwaka 2022 kuhusu antibiotiki kinasema wengi hawazihitaji. Kinataka zifikiriwe kwa mtoto mwenye hali kali: joto la 39 au zaidi, maumivu yasiyosikia parasetamol, masikio yote mawili kwa mtoto wa chini ya miaka 2, au mwili uliodhoofika. Mwongozo wa zamani si upumbavu. Kungoja ni matibabu pale tu mtu anapoweza kurudi. Kwa mama anayelala kilomita mbili kutoka kituoni, kungoja siku mbili ni salama. Kwa familia inayohama kesho, au iliyo ng'ambo ya mto bila pesa ya kuvuka, mganga akitoa dawa siku ya kwanza hajakosea. Kwa hiyo mama aseme wazi: “Muganga, mimi siwezi kurudi.” Neno hilo linabadilisha uamuzi.

Wako pia watoto ambao hawangojeshwi popote walipo: mtoto wa chini ya miezi 6, mwenye utapiamlo mkali, aliyetoka kuugua surua, na mwenye virusi vya ukimwi.

Dawa ya maumivu ilikuwa parasetamol. Mtoto huyu ana kilo 11, na robo ya kidonge cha miligramu 500 ilimtosha kwa kila mara. Robo hiyo inasagwa katika kijiko cha maji au maziwa ya mama, kila saa 6, si zaidi ya mara 4 kwa siku. Aspirini haifai kwa mtoto.

Katika nyumba ile ile kuna binamu wa miaka 4 aliyepata mafua hayo hayo na sikio kuuma Jumapili. Alipewa parasetamol tu. Jumanne alikuwa anacheza mpira wa matambara uwanjani. Kwa huyu mdogo mambo yalikwenda vingine. Jumatatu usiku alilia sana, kisha ghafla akanyamaza na kulala. Asubuhi mto ulikuwa na doa la njano.

Koko alishukuru kwamba ugonjwa umetoka. Kwa upande mmoja alikuwa na haki: ngozi ya sikio ilipasuka, msukumo ukaisha, maumivu yakaisha. Kwa kawaida tundu hilo dogo linajifunga lenyewe baada ya siku au wiki chache. Lakini usaha uliotoka ni dalili kwamba sasa antibiotiki ina kazi. Hapo pia ndipo inaonekana kwa nini mawese, mkojo, maziwa ya mama na unga wa ampisilini havitiwi sikioni. Mlango umefunguka, na kila kinachomwagwa kinaingia ndani kabisa.

Mganga aliandika amoksisilini ya miligramu 250, vidonge vinavyoyeyuka majini: viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku 5. Vyote ni 20. Mama ahesabu kabla ya kutoka farmasi, kwa sababu wauzaji wengine wanatoa 10 na kusema inatosha. Mtoto akichangamka siku ya pili, vilivyobaki havihifadhiwi. Vinamezwa vyote. Ile nusu chupa ya siropu ilimwagwa: ikishachanganywa na maji haidumu zaidi ya wiki moja hivi bila friji, na hiyo ilikuwa na zaidi ya mwezi.

Sikio linakaushwa mara 3 kwa siku. Mama alikata kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa na kuchemshwa, akakisokota kuwa utambi, akauweka mlangoni mwa sikio mpaka ukalowa, akautoa, akaweka mwingine, mpaka mmoja ukatoka mkavu. Njiti ya kiberiti haitumiki, wala pamba iliyofungwa kwenye kijiti. Utambi hauachwi ndani, na mtoto haogelei mtoni mpaka sikio lipone.

Baada ya siku 5 alirudi kituoni. Sikio lilikuwa kavu. Kama lingekuwa bado linatoa, angeendelea na amoksisilini siku 5 nyingine. Sikio linalotoa usaha kwa siku 14 au zaidi ni ugonjwa mwingine: vidonge havisaidii sana, linahitaji kukaushwa na matone maalum ya antibiotiki ambayo kituo kinaandika, mara 3 kwa siku kwa wiki 2. Watu wazima wengi wenye sikio linalonuka walianza hivyo utotoni.

Maji yanaweza kubaki nyuma ya ngozi ya sikio wiki nyingi bila maumivu. Mtoto anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye maji. Mama ameambiwa amwite kwa jina akiwa nyuma yake, kwa sauti ya kawaida, mara moja moja. Akiona hageuki baada ya miezi 3, au maneno yake hayaongezeki, amrudishe kituoni.