Taa ya AdBlue Ikiwaka

Malori ya mtumba ya Yuro 6 yalipoanza kuingia kwenye gereji yetu Dar es Salaam, kila taa ya hitilafu ya ekzosi ilikuwa na jibu moja: sensa. Mashine ya kusoma kodi ikitaja oksidi za nitrojeni, sensa inafunguliwa, mpya inaagizwa, mwenye gari analipa pesa inayouma. Nyingine zilikuwa zimekufa kweli. Lakini yapo malori yaliyorudi na kodi ileile kabla hayajafika Tunduma, na wenyewe wakaanza kuomba mfumo mzima wa kusafisha moshi uzibwe. Kazi hiyo siipendi hadi leo, maana moshi ule tunauvuta sisi na watoto wetu.

Lori lililobadilisha mazoea yetu lilikuja likiwa limepunguzwa nguvu na kompyuta yake, kilima halipandi. Kwenye kioo cha mashine ilisomeka P20EE. Dereva alikuwa amechoka. “Fundi, msiniambie tena sensa,” alisema, “ya nyuma ni mpya, haijamaliza hata mwezi.”

Alikuwa na haki. Kodi ile haisemi kwamba sensa ni mbovu. Inasema kichocheo kilichomo kwenye ekzosi hakipunguzi oksidi za nitrojeni kama inavyotakiwa. Sensa moja hukaa kabla ya kichocheo, nyingine baada yake. Katikati yao nozeli hunyunyiza AdBlue, ambayo ni urea iliyoyeyushwa kwenye maji safi yasiyo na madini. Joto la ekzosi huigeuza urea kuwa amonia, na ndani ya kichocheo amonia huzigeuza oksidi kuwa nitrojeni na mvuke wa maji. Kama amonia haitoshi, sensa ya nyuma itasoma namba kubwa, na itakuwa inasema kweli.

Tukaanza kwa kuzipima sensa zenyewe. Tulizima unyunyizaji, tukaendesha injini ikiwa moto hadi amonia iliyobaki kwenye kichocheo ikaisha. Hapo sensa zote mbili zinatakiwa zisome karibu sawa, kwa kuwa hakuna kinachosafisha moshi katikati. Zilisoma karibu sawa. Sensa hazikuwa na tatizo.

Kisha tukachota maji ya tangini. Rifraktomita ni kifaa kidogo cha mkononi: unadondosha matone mawili kwenye kioo chake, unafunika, unachungulia kuelekea kwenye mwanga. Mstari wa kivuli unatakiwa ukatize kwenye 32.5, yaani asilimia 32.5 ya urea. Wetu ulikatiza kwenye 26. Dereva akamwangalia utingo wake, na maelezo yakatoka: njiani AdBlue ilipungua, hawakuipata, wakaongeza maji ya kunywa ili taa izime. Kwenye tangi la lita 40, lita 8 za maji zinatosha kuleta namba ile. Kompyuta inanyunyiza ikiamini kila tone lina urea kamili, kumbe kila tone limepungukiwa karibu sehemu moja ya tano.

Tulimwaga yote, tukasuuza tangi kwa maji yaliyoondolewa madini, tukabadilisha filta na kujaza AdBlue mpya. Barabarani namba ya sensa ya nyuma ikashuka sana. Taa haikuzimika papo hapo. Kompyuta hungoja ekzosi ipate joto, ifanye kipimo chake yenyewe na kuridhika. Dereva asiyeambiwa hilo hurudi gereji akidhani ameibiwa.

Tangu hapo tunapima maji kwanza, na tumejifunza pia kuuliza dumu limekaa wapi. Urea huoza taratibu kwa joto na kutoa amonia. Kwenye nyuzi joto 35 haifai kuwekwa zaidi ya miezi sita hivi, na dumu lililofungwa nyuma ya kabini juani hupata joto zaidi ya hapo. Ukilifungua likakupiga na harufu kali ya mkojo, usilimimine.

Malori mapya zaidi yana sensa ya ubora ndani ya tangi, inayopima kasi ya mawimbi ya sauti kwenye AdBlue. Maji yakizidi, inatoa P207F moja kwa moja, na ubishi wetu wa zamani umepungua. Ila sensa hiyo, sawa na rifraktomita, inapima mkolezo tu. Mtu anayekoroga mbolea ya urea kwenye maji ya bomba anaweza kupata 32.5 safi kabisa. Chokaa ya maji na kemikali zinazotiwa kwenye chembe za mbolea zisigandane hazionekani kwenye kipimo. Huonekana baadaye, nozeli ikiziba na kichocheo kikichoka, na kichocheo hakisafishwi kwa kusuuza. Kwa hiyo namba ikiwa nzuri lakini nozeli imejaa ganda gumu jeupe, swali letu la kwanza sasa ni AdBlue ilinunuliwa kwa nani, na kama dumu lilikuwa na lebo na tarehe.